Naomba kubadilishiwa msimamizi: barua ya kwenda kwa Mkuu wa Idara

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari, niko masomoni Dodoma, mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya Kiswahili. Tasnifu yangu inahusu nyimbo za kupura mtama na uwele kwa Wagogo wa Chamwino. Msimamizi wangu aliteuliwa kwenda wizarani mwezi Desemba, na tangu nimpe sura tatu za pendekezo tarehe 20 Januari 2025 sijapata maoni yoyote. Meseji anasoma, hajibu. Nimeandika barua ya kurasa tatu kwa Mkuu wa Idara, mume wangu akaisoma akanizuia nisiipeleke. Nakuambatanishia uione. Ruhusa yangu ya masomo inaisha Oktoba. Niombe vipi bila kuonekana mkorofi, na bila kujitengenezea adui atakayekaa mbele yangu siku ya kutetea tasnifu?*

Marahaba, mwanangu. Mumeo mnunulie soda, amekuokoa. Barua nimeisoma mara mbili. Kisa chako ni cha kweli na ushahidi unao, ila umeufukia ukurasa wa pili, chini ya "hana utu", "ameona cheo ametusahau" na "huu ni unyanyasaji wa wazi". Mkuu wa Idara atafika kwenye tarehe zako akiwa ameshakasirika kwa niaba ya mwenzake.

Nimekaa kwenye kile kiti miaka kadhaa, katika chuo ambacho sitakitaja, kwa hiyo nikueleze barua ya namna hii inavyopokewa. Mkuu wa Idara haisomi kama hakimu. Ni mtu mwenye wahadhiri wachache na wanafunzi wengi wa uzamili, na akiisoma anatafuta mambo matatu tu: kimetokea nini ambacho naweza kukithibitisha kwenye faili, huyu anataka nifanye nini, na nikifanya hivyo nani atambeba. Barua isiyojibu hayo huwekwa pembeni, wala si kwa ubaya. Inasubiri siku atakayokuwa na nafasi, na siku hiyo haiji.

Kuna kijana mmoja aliniletea barua yenye sentensi moja iliyomponza: "Msimamizi wangu hana uwezo katika eneo hili." Huenda alikuwa na haki. Lakini barua ile ilipofika kwenye kamati ya uzamili ya idara, saa nzima ilikwisha tukijadili kama mwenzetu ana uwezo au hana. Wazee wakamtetea, mwingine akataja makala alizochapisha, na ombi la kijana halikuguswa. Liliahirishwa hadi kikao kilichofuata, na kikao kilichofuata kikawa muhula mwingine. Angeandika kwamba mada yake imehamia kwenye isimujamii ilhali aliyepangiwa ni mtu wa fasihi simulizi, tungemaliza kwa dakika kumi, na hata yule msimamizi angeinua mkono kuunga.

Kwako wewe kuna kitu ambacho nadhani hujakiona. Msimamizi alipoteuliwa kwenda wizarani, idara ilipaswa kuangalia wanafunzi wake wamebaki na nani. Inawezekana kabisa hakuna aliyeangalia. Likizo ilikuwa imekaribia, watu walikuwa kwenye kusahihisha mitihani, na orodha ya wasimamizi ilibaki ileile ya Novemba. Basi barua yako isimshitaki mtu. Iikumbushe ofisi jambo ambalo ilikuwa ilifanye, na uiache nafasi ya kulifanya bila aibu. Ukishalitazama ombi hivyo, hata sauti ya barua inabadilika yenyewe.

Lakini barua haitangulii. Kwanza mtafute msimamizi mwenyewe, uso kwa uso kama inawezekana. Mtumba, ziliko wizara, si mbali, daladala zipo. Usimvamie ofisini. Mtumie meseji fupi asubuhi: "Shikamoo Dokta. Naomba dakika kumi zako wiki hii, siku na mahali utakapopanga, kuhusu ratiba ya utafiti wangu." Neno ratiba halimtishi mtu. Ungeandika "kuhusu kuchelewa kwa maoni", angejiandaa kujitetea kabla hujafika.

Mkionana, usianze na yeye, anza na mtama. Mweleze kwamba Chamwino upuraji huanza mazao yakishakauka, kuanzia mwezi Juni, na kwamba usipokuwa uwandani wakati huo hakuna nyimbo za kurekodi. Halafu sema: "Dokta, najua majukumu ya huko yamekuwa mengi. Naomba ushauri wako, ni vema tuendelee hivi, au ungependa idara inipangie mtu wa karibu na wewe ubaki kunishauri?" Mwachie yeye mlango. Wengi waliopewa vyeo wanabeba wanafunzi wao kama deni, wanaona haya kusema hawawezi. Nimewaona waliopumua kwa nguvu mwanafunzi alipowafungulia mlango huo.

Anaweza kukujibu kwa namna tatu. Akisema "sawa, waone idara", mshukuru, na jioni hiyo umtumie meseji ya kumbukumbu: "Asante Dokta kwa muda wako wa leo. Kama ulivyonielekeza, nitaandika kwa Mkuu wa Idara kuomba kupangiwa msimamizi mwingine." Hiyo meseji ni dhahabu, itunze. Akisema "nipe wiki mbili", mpe, lakini mtaje tarehe mbele yake, na ikipita siku moja bila maoni barua inaondoka. Akikasirika, usibishane. Sema "nimekuelewa, Dokta", uage. Na kama hapatikani kabisa, andika ulimtafuta lini na kwa njia gani, basi.

Sasa kalenda, kwa sababu ndiyo itakayobeba ombi lako kuliko malalamiko yote. Hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye upuraji. Huwezi kuingia kijijini na kinasa sauti bila barua. Chuo kinaandika barua ya kukutambulisha kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kutoka pale unashushwa wilayani na halmashauri, kisha kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Kila meza ina siku zake, na mtendaji wa kijiji anaweza kuwa kwenye mkutano siku uliyofunga safari. Mimi huwaambia wanafunzi watenge wiki tatu kwa safari hiyo ya karatasi. Na barua ya chuo haitoki kabla hujawasilisha pendekezo mbele ya idara na kufanya masahihisho. Kwa hiyo, ili uwe uwandani katikati ya Juni, uwasilishe kabla ya katikati ya Mei, na ili uwasilishe Mei, mtu awe ameshazisoma sura zako kufikia mwisho wa Aprili. Ukikosa msimu huu, upuraji mwingine ni 2026, na mwajiri wako anakutarajia darasani Oktoba 2025. Hapo ndipo Mkuu wa Idara anapoona kwamba jambo lina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo inatokana na mvua ya Dodoma, inayonyesha msimu mmoja tu kwa mwaka. Hujaitunga wewe.

Nikuonyeshe lugha yenyewe, maana wewe ni mtu wa Kiswahili na utanielewa haraka. Kwenye rasimu yako umeandika: "Nataka kubadilisha msimamizi kwa sababu hajanisaidia kabisa na hajibu meseji zangu." Tazama vitenzi. "Kubadilisha" inakufanya wewe mtendaji, kana kwamba wasimamizi wako mkononi mwako kama kanga za duka. "Kubadilishiwa" inamwachia mwenye mamlaka kazi yake. Viambishi viwili tu, na heshima yote imekaa humo. Kisha "hajanisaidia", "hajibu", "hajali": kila sentensi inaanza na yeye, na kila sentensi inayoanza na yeye ni shitaka. Weka kiima kingine. Iwe rasimu: "Rasimu ya sura tatu, niliyoiwasilisha tarehe 20 Januari, haijapata maoni." Au iwe wewe: "Sijapokea mrejesho hadi ninapoandika barua hii." Ukweli ni uleule, hujaficha kitu, lakini hakuna mtu anayelazimika kujitetea. Na "kabisa" lifute popote lilipo. Umeliandika mara tisa, nimehesabu.

Hii hapa barua ningeipeleka mimi. Nimechukua tarehe zote kwenye kiambatanisho chako. Mazungumzo ya tarehe 2 Aprili nimeyaweka nikidhani utakuwa umeshamwona na akakukubalia. Kama yalikwenda vingine, andika yalivyokwenda.

(Jina lako kamili)
(Namba ya usajili)
S.L.P. ...,
DODOMA.
(Namba ya simu)

9 Aprili 2025

Mkuu wa Idara,
Idara ya ...,
S.L.P. ...,
DODOMA.

Kupitia: Mratibu wa Masomo ya Uzamili, Idara ya ...

YAH: OMBI LA KUBADILISHIWA MSIMAMIZI WA TASNIFU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Shahada ya Uzamili ya Kiswahili. Ninaandika tasnifu kuhusu nyimbo za kupura mtama na uwele katika jamii ya Wagogo wilayani Chamwino. Tarehe 4 Novemba 2024 Idara ilinipangia Dkt. (jina) kuwa msimamizi wangu. Namshukuru kwa mwongozo alionipa mwezi Novemba katika kuibana mada na kuchagua eneo la utafiti.

Mwezi Desemba 2024 Dkt. (jina) aliteuliwa kushika majukumu mengine nje ya Chuo. Tarehe 20 Januari 2025 niliwasilisha kwake rasimu ya sura tatu za pendekezo la utafiti kwa barua pepe na kwa nakala ya karatasi. Nilimkumbusha kwa barua pepe tarehe 12 Februari, nikaonana naye tarehe 26 Februari, na nikamkumbusha tena tarehe 17 Machi. Hadi ninapoandika barua hii, wiki 11 tangu niwasilishe, rasimu haijapata maoni. Tarehe 2 Aprili nilizungumza naye, akanieleza kuwa majukumu yake ya sasa hayampi muda wa kutosha na akaniruhusu niilete hoja hii kwako.

Data ya utafiti wangu hupatikana wakati wa upuraji, unaoanza mwezi Juni. Ili niweze kuwa uwandani kwa wakati, ninapaswa kuwasilisha pendekezo mbele ya Idara kabla ya katikati ya Mei, kisha kufuatilia vibali vya mkoa na wilaya. Nikikosa msimu huu, msimu unaofuata utakuwa mwaka 2026, ilhali ruhusa yangu ya masomo kutoka kwa mwajiri inaisha Oktoba 2025.

Kwa sababu hiyo, ninaomba Idara inipangie msimamizi mwingine mwenye utaalamu wa fasihi simulizi. Iwapo Idara itaona inafaa, niko tayari Dkt. (jina) aendelee kuwa msimamizi mwenza. Sikusudii kubadili mada wala eneo la utafiti.

Nimeambatanisha rasimu ya sura tatu, nakala za barua pepe za tarehe zilizotajwa, na barua ya ruhusa ya masomo.

Ninatanguliza shukrani.

Wako mtiifu,

(Saini)
(Jina kamili)

Nakala: Dkt. (jina)

Inaingia ukurasa mmoja na kipande. Zile kurasa tatu zako ziweke kabatini, siku moja utazicheka.

Kuna mambo machache humo nimeyafanya kwa makusudi, uyajue ili usiyabadilishe bila kujua. La kwanza ni lile la "Kupitia". Mazoea ya ofisi zetu ni barua kupitia kwa mkubwa wako wa karibu, na kwa mwanafunzi mkubwa huyo ni msimamizi. Ila ukiipitisha kwake, inamngojea yeye asaini, na tatizo lako lote ni kwamba unamngojea yeye. Ndiyo maana nimeipitisha kwa mratibu wa uzamili, na msimamizi nikamwekea nakala. Nakala hiyo usiione kama ukali. Kumficha ndiko kungekuwa dharau, kwani barua ataiona tu, Mkuu wa Idara lazima amwulize. Ni afadhali aipate kutoka kwako, tena aikute ina shukrani. Isipokuwa kama mwongozo wa uzamili wa chuo chenu una fomu maalumu yenye nafasi ya saini yake. Hiyo ijaze, na barua hii iwe kiambatanisho. Mwongozo huo uombe kwa mratibu kabla hujachapa neno. Kuna wanafunzi wengi waliorudishwa kwa kukosa fomu ya ukurasa mmoja.

La pili, sijataja jina la msimamizi unayemtaka. Najua una mtu moyoni, umedokeza mwishoni mwa ile barua. Usiende kumposa mhadhiri mwingine wakati bado hujaachika. Akikubali kabla idara haijaamua, mmeshampangia Mkuu wa Idara kazi yake, na yule mwingine anaonekana amenyang'anya mwanafunzi wa mwenzake. Kwa mwanafunzi mambo haya ni madogo, lakini kwa wahadhiri wanaokunywa chai chumba kimoja miaka ishirini si madogo hata kidogo. Taja utaalamu, kama nilivyofanya: "fasihi simulizi". Kama katika idara wenye utaalamu huo ni wawili, Mkuu wa Idara anajua kusoma. Akikuuliza kwa mdomo, "una mtu?", hapo mtaje, uongeze: "lakini nitamfuata yeyote mtakayenipangia."

La tatu ni ile sentensi ya msimamizi mwenza. Wengine wataiona kama kujirudisha nyuma. Mimi naiona kama daraja. Kamati ikisita kumwondoa mtu kwenye karatasi, inaweza kumwongeza mwingine, na kwa kazi yako ya kila siku matokeo ni yaleyale: kuna mtu anayesoma sura zako. Ungeiweka hata kama moyoni unataka aondoke.

Na ile ya "sikusudii kubadili mada". Hiyo inamtuliza Mkuu wa Idara kuliko unavyodhani. Mwanafunzi anayebadili msimamizi na mada kwa pamoja anaanza upya, na kila mtu kwenye kamati analijua hilo.

Umeniuliza pia, kule mwisho wa rasimu, kama uandike kwa Kiingereza ili ionekane nzito. Uko shahada ya Kiswahili, mwanangu. Andika Kiswahili.

Kuipeleka kuna utaratibu wake. Chapa nakala tatu. Usimwachie mtu kwenye korido, wala usiipitishe chini ya mlango wa ofisi. Ipeleke kwa katibu muhtasi au masjala, uombe nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Katibu anaweza kukuambia, "iache tu, nitamwekea mezani." Tabasamu, mwambie, "Asante dada, naomba na kwangu unigongee, mwajiri atataka kuona." Si uongo, mwajiri wako kweli anaweza kutaka, ukija kuomba kuongezewa ruhusa. Ule muhuri ndio unaoanzisha hesabu ya siku. Bila muhuri, wiki mbili baadaye utaambiwa barua haijaonekana, na hutakuwa na la kusema.

Usitume nakala kwa Rasi wa Ndaki wala kwa Makamu Mkuu wa Chuo. Nimeona kwenye rasimu yako umewaweka wote wawili, pamoja na serikali ya wanafunzi. Kumrukia mtu kabla hajapewa nafasi ya kujibu kunamfunga mikono. Akitatua, inaonekana ameogopa, kwa hiyo atajikausha. Na lile kundi la wasapu la darasa lenu, usiandike humo hata herufi moja. Daima kuna mmoja anayepiga picha skrini.

Baada ya kupokelewa, kwa kawaida Mkuu wa Idara humpigia msimamizi. Huenda akakuita na wewe. Ukiitwa, nenda na daftari lenye tarehe, na useme yaliyo kwenye barua tu. Hapo ndipo wengi huharibu: karatasi ilikuwa ya heshima, mdomo unafunguka na hasira ya wiki 11 inamwagika. Akikuuliza, "lakini kwani ana shida gani huyu?", ni mtego hata kama hakuukusudia. Jibu: "Hana shida, Mwalimu, ni muda tu." Kisha suala huenda kwenye kamati ya uzamili ya idara, na katika vyuo vingi linapanda ngazi ya ndaki au kurugenzi ya uzamili kuidhinishwa, ndipo unapata barua ya uteuzi wa msimamizi mpya. Usianze kujitambulisha na msimamizi mpya kwenye fomu kabla ya barua hiyo. Lakini kusomwa kwa sura zako hakuhitaji kungoja. Mwombe mratibu, kwa upole, kama kuna mhadhiri anayeweza kuzipitia wakati uteuzi unashughulikiwa. Kwenye kalenda yako, wiki mbili ni nyingi.

Zikipita siku 10 za kazi kimya, rudi kwa mratibu na nakala yako yenye muhuri, uulize barua imefikia wapi. Kisha andika barua ya ukumbusho ya aya moja, ukitaja tarehe ya ile ya kwanza. Hapo, na si kabla, unaweza kuweka nakala kwa Rasi.

Wakikukatalia, omba sababu kwa maandishi na uulize wanapendekeza nini kuhusu tarehe ya Mei. Mara nyingi jibu linakuwa: msimamizi amekubali kusoma ndani ya wiki moja. Kubali. Ulichokuwa unatafuta ni maoni kwenye sura zako, na umeyapata kwa mlango mwingine.

Ukipangiwa mpya, tegemea jambo moja: atakuwa na macho yake. Anaweza kutaka nadharia nyingine kwenye sura ya pili. Usiseme "yule wa kwanza aliniambia hivi", utakuwa unamshindanisha na mtu asiyekuwepo. Mpelekee kurasa mbili za makabidhiano: kimekubaliwa nini kuhusu mada na eneo, kimebaki nini, na tarehe za uwandani. Na kile ulichopewa na msimamizi wa kwanza, kama wazo la kuzilinganisha nyimbo za wanawake kwenye kinu na zile za vijana kwenye uwanja wa kupuria, kitambue kwenye shukrani za tasnifu. Kama siku moja mtachapisha makala iliyotokana na wazo hilo, zungumza naye kabla. Adui wengi wa kitaaluma huzaliwa hapo, muda mrefu baada ya barua kusahaulika.

Kuhusu hofu yako ya siku ya kutetea: tasnifu kwa kawaida husomwa na mtahini wa ndani na wa nje, na alama haitoki kwa mtu mmoja. Msimamizi wako wa zamani anaweza kuwepo ukumbini, ni kweli. Akiwepo, atakuwa mtu aliyeshukuriwa kwenye aya ya kwanza ya barua yako na kwenye ukurasa wa shukrani wa tasnifu. Nimeona watu wa namna hiyo wakiuliza maswali mepesi kuliko wote.

Kitu kimoja ambacho hukukisema, na sitaki kukidhania, lakini barua hizi huwafikia na wengine. Kama sababu ya kutaka kubadilishiwa ni msimamizi kudai fedha au kudai mwili, basi hii siyo barua yako. Hilo ni kosa la jinai. Rushwa ya ngono imetajwa katika kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na mahali pake ni TAKUKURU, pamoja na dawati la jinsia la chuo. Usiichanganye na lugha ya "rasimu haijapata maoni", na usiende kumwona mtu huyo peke yako kwa mazungumzo ya kuagana.

Kwako wewe imebaki meseji moja, ya siku utakayopata barua ya uteuzi mpya. Mtumie yeye kabla hajasikia kwa wengine: "Shikamoo Dokta. Idara imenipangia Dkt. fulani kuanzia leo. Asante kwa kunianzishia safari hii na kwa ruhusa yako. Nikirekodi nyimbo za Chamwino nitakuletea nakala usikilize." Kisha ukirekodi, mpelekee kweli.